Mstari mrefu wa picha iliyolala upande

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi Langoni, mjini Lamu. Watu wakiona kompyuta na printa hudhani naishi kwa barua za kuomba kazi na fomu za serikali. Hizo zipo, ila kinachonilipia kodi ni mitihani. Baadhi ya walimu wa Kisiwa cha Pate huninunulia muda wangu hivi: wanapiga picha ukurasa wa kitabu kwa simu, wananitumia, nachapa maswali, natoa nakala, nafunga kwenye mfuko wa nailoni maradufu kwa sababu ya maji ya chumvi, na mfuko unapanda boti ya kwenda Mtangawanda. Hesabu ndiyo kazi yenye malipo mazuri kuliko zote, kwa vile wachapaji wengi wanaikimbia. Mimi sikuikimbia. Nilipata alama nzuri za hesabu shuleni, na nilikuwa na kiburi kidogo kwa hilo.

Kiburi hicho kilikatika Jumatatu moja saa nne asubuhi, simu ilipolia.

"Dada, salaam aleikum. Lile swali la saba, umelichapa kama lilivyo kitabuni?"

"Aleikum salaam, mwalimu. Kama lilivyo."

"Basi kitabu kina jibu lake na watoto wana lao. Jibu la nyuma ya kitabu ni moja na moja juu ya tano. Watoto wangu sita walio bora darasani wote wamepata mbili na tatu juu ya tano. Sita, dada. Hawakuketi pamoja."

Nilikuwa tayari kumwambia kuwa majibu ya nyuma ya vitabu hukosewa mara kwa mara, jambo ambalo ni kweli. Lakini maneno yake yalinikaa. Mtoto mmoja akikosea, kosa ni lake. Watoto sita wazuri wakikosea namna moja, na kila mmoja kwa hatua safi, basi hawakukosea; wamejibu sawasawa swali ambalo siyo. Nikafungua ile picha upya.

Swali lilikuwa hili, nikiliandika sasa kama lilivyo kitabuni:

```
 2½ − ¾ + ½
─────────────  ×  2/5
 5/6 + ¼ − ⅓
```

Na mimi nilichapa hivi:

```
 2½ − ¾ + ½ × 2/5
──────────────────
   5/6 + ¼ − ⅓
```

Tarakimu zote zipo. Alama zote zipo. Hakuna nilichokisahau wala nilichokiongeza. Nilichofanya ni kuichukua alama ya mara pamoja na 2/5, vilivyokuwa vimesimama nje ya sehemu, na kuvipandisha juu ya mstari. Hesabu inabadilika kabisa. Katika swali la kweli, juu ya mstari kuna mbili na nusu, toa robo tatu, ongeza nusu: jumla ni 9/4. Chini kuna 5/6 ongeza robo toa theluthi: ni 3/4. Tisa robo ukizigawa kwa robo tatu unapata 3, na 3 mara 2/5 ni 6/5, yaani 1⅕. Katika swali langu, kuzidisha kunatangulia kujumlisha, kwa hiyo 2/5 inaila ile nusu ya mwisho peke yake na kuifanya 1/5. Juu inabaki 39/20. Ukigawa kwa 3/4 unapata 13/5, yaani 2⅗. Jibu safi, lisilo na aibu yoyote. Ndiyo maana hakuna mtoto aliyenyoosha mkono kuuliza.

Ningependa kusema nilielewa palepale nilikosea wapi. Sikuelewa. Niliitazama picha dakika nyingi na bado jicho langu liliiona 2/5 ikiwa juu. Picha ilipigwa jioni, kitabu kikiwa pajani, na mwalimu aliishika simu kwa mkono mmoja. Ukurasa ulikuwa wa kushoto na swali limekaa upande wa kulia kabisa, pale karatasi inapoanza kuzama kwenye mshono wa kitabu. Kivuli cha mshono kilikuwa kimeumeza mwisho wa mstari mrefu, hata usiweze kuapa umekomea wapi. Na ukurasa wote ulikuwa umelala: upande wa kulia umepanda, upande wa kushoto umeshuka.

Mchana ule nilikuwa na safari ya Matondoni kumpelekea ami yangu dawa. Ami ni seremala wa majahazi, mmoja wa wale waliobaki. Maji yalikuwa yamekupwa na jahazi alilokuwa akilitengeneza lilikuwa limelalia ubavu mchangani, mlingoti ukielekea mikoko. Alikuwa akipigilia ubao wa ndani, na mimi nilivyoutazama niliona ameuweka kombo waziwazi. Nikamwambia.

Akacheka. "Kombo na nini?"

"Na bahari, ami. Tazama maji yalivyonyooka kule."

"Mai ni ya Mungu. Chombo kina mkuku wake, ule mti mrefu wa chini. Chombo kikilala, kila kitu nakipima na mkuku. Nikipima na mai, kikisimama utalia."

Sikusema kitu, nikakaa kwenye gogo. Kule dukani nilikuwa nimefanya kile hasa: nilipima na maji. Maji yangu yalikuwa ukingo wa kioo cha simu. Jicho linaposoma mstari wa maandishi huteleza sambamba na ukingo wa kioo, hata kama ukurasa wenyewe umeinama. Kwa maneno ya kawaida hilo halina madhara, kwa vile neno hushikana na neno na akili hurudi njiani yenyewe. Kwa sehemu yenye mstari mrefu hakuna cha kukurudisha.

Niliporudi nikachukua rula, na kitabu kama kile nilichoazima kwa jirani, nikapima. Mstari mrefu wa swali la namna ile una urefu wa kama milimita 30. Picha ile ilikuwa imeinama kama digrii 10. Mstari wa milimita 30 ukiinama digrii 10, mwisho wake wa kulia hupanda kama milimita 5 kuliko mwisho wake wa kushoto. Sasa linganisha na urefu wa vitu vilivyokaa juu yake: sehemu ndogo kama ¾, ikichapwa kwa kusimama, ina urefu wa kama milimita 7, na katikati yake iko milimita nne au tano juu ya mstari mrefu. Ile alama ya mara, iliyokaa mbele kidogo ya mwisho wa mstari, ilikuwa imepandishwa na mwinamo kama milimita 6. Maana yake ni kwamba kwenye kioo, 2/5 ya nje ilikuwa karibu sawa kwa kimo na 2½ ya mwanzo wa safu ya juu. Jicho langu lilianza kwenye 2½, likateleza moja kwa moja kulia, likatua kwenye alama ya mara. Zile ¾ na ½ katikati zilionekana kama zimepanda vidaraja kidogo, nami nikadhani ni karatasi tu iliyojikunja.

Hapa pana jambo ambalo sikuwahi kufundishwa shuleni, na nimelijua kwa kuchapa. Vitabu vilivyochapwa vizuri haviweki vitu popote tu. Mstari wa sehemu unawekwa kwenye kimo kilekile cha katikati ya alama ya sawa, na kimo kilekile cha alama ya kutoa iliyo nje ya sehemu. Kwa hiyo kitu chochote kilichosimama kando ya sehemu nzima, iwe alama ya mara, ya kujumlisha au ya sawa, katikati yake inakaa kwenye njia ya mstari mrefu, kana kwamba mstari umeendelea bila wino na kukipitia tumboni. Na vitu vilivyo juu ya mstari vina njia yao wenyewe: alama ya kutoa, mstari mdogo wa ¾, alama ya kujumlisha, mstari mdogo wa ½, vyote vimepangwa kwenye njia moja. Vilivyo chini navyo vina njia yao.

Kwa hiyo katika swali lile kulikuwa na njia tatu zinazokwenda sambamba: ya juu, ya mstari mrefu, na ya chini. Ukurasa ukiinama, zote tatu zinainama pamoja. Swali la kujiuliza likawa jepesi: ile alama ya mara imekaa kwenye njia ipi kati ya hizi tatu?

Nilichukua ukingo wa karatasi safi nikauweka juu ya kioo. Kwanza niliulaza kwenye mstari mrefu wenyewe, kuanzia mwisho wake wa kushoto unaoonekana vizuri hadi pale ulipoanza kufifia. Ukingo uliendelea kulia, ukapita katikati ya alama ya mara na kulala juu ya mstari mdogo wa 2/5 kana kwamba umechorwa kwa huo. Kisha nikaupandisha hadi alama ya kutoa ya safu ya juu, nikaupitisha kwenye mstari mdogo wa ¾ na alama ya kujumlisha. Huko ukingo ulipita juu kabisa ya kichwa cha 2/5, haukuigusa. Sekunde kumi hivi. Hasira niliyokuwa nayo, sijui kwa nani, ikapungua.

Tangu siku hiyo picha ya hesabu siisomi kabla sijaizungusha. Kwenye simu, mahali pa kukata picha huwa pana kipimo cha kuizungusha kidogo kidogo na vijistari vya mraba vinatokea. Kwenye kompyuta naipachika picha kwenye ukurasa na kuandika digrii. Kosa la wengi hapa ni kunyoosha picha kwa ukingo wa kitabu au kwa mstari wa maandishi ulio juu ya ukurasa. Simu ikishikwa upande, ukurasa hauinami tu, unanyauka pia: upande ulio mbali na simu unabanana na ulio karibu unapanuka, na mistari ambayo kitabuni ni sambamba inaanza kukaribiana. Mstari wa juu ya ukurasa unaweza kuwa umeinama digrii 6 na mstari wa sehemu iliyo chini digrii 10. Kwa hiyo naunyoosha mstari mrefu wa swali lile lile ninalolisoma. Nikihamia swali lingine, naanza upya. Inachosha, ndiyo.

Kuna kitu kidogo cha pili ambacho huja pamoja na hicho. Ukitaka kujua kama tarakimu iko juu ya mstari au imepita mwisho wake, utaishusha kwa macho uone inaangukia wapi. Usiishushe kwa ukingo wa simu. Ishushe kwa kufuata mwinamo wa tarakimu zenyewe. Mguu wa 4 au mwili wa 1 ulio karibu unakuonyesha ni wapi "chini" ya ukurasa huo. Kwenye picha ya digrii 10, kilele cha safu ya juu kinaweza kusogea kando zaidi ya milimita moja, nusu ya upana wa tarakimu au zaidi. Mwisho wa mstari ni mahali ambapo nusu tarakimu inatosha kukupoteza.

Walimu walipoanza kunisikia nikizungumzia haya, mmoja aliniuliza kwa nini nisifanye hesabu tu na kuona jibu lipi linapendeza. Vitabu vya shule hutungwa majibu yakae vizuri, alisema. Ana haki kwa kiasi fulani. Swali letu lile, kama picha ingeinama upande wa pili na 2/5 ikadondokea chini ya mstari, chini kungekuwa na 5/6 ongeza robo toa ⅓ mara 2/5, jumla 19/20, na jibu zima lingekuwa 45/19. Kumi na tisa huku chini ni kama mwiba kwenye pilau. Mtunzi wa swali la darasa hangeuacha. Hapo jibu lingenishtua. Lakini kosa nililolifanya kweli lilinipa 2⅗, jibu tamu kuliko hata lile la haki. Kwa hiyo jibu bovu linakuambia urudi kutazama, ila jibu zuri halikuambii chochote. Kinachoamua ni pale alama ilipokaa.

Nikiri kitu kingine, kwa kuwa nimekwisha kukiri kikubwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiusoma ule mstari kama alama ya kugawa iliyorefushwa, basi. Haukunijia akilini kuwa unafanya kazi ya mabano. Kila kilicho juu yake kimefungwa pamoja kana kwamba kiko ndani ya mabano, na kila kilicho chini vilevile. Ukiingiza swali kwenye kikokotozi cha safu moja ndipo unapoona, kwani lazima mabano uyaandike mwenyewe:

```
(2+1/2 - 3/4 + 1/2) / (5/6 + 1/4 - 1/3) * (2/5)
```

Pengine ni malezi. Sisi watu wa pwani sehemu tulizijua kwa sikio kabla ya jicho. Madrasani, kwenye somo la mirathi, unasoma nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi, sudusi, na kila moja ni neno zima lenye jina lake. Ukisema thumni, haina juu wala chini. Mstari ulikuja na wino. Miongoni mwa wa kwanza wanaojulikana kuutumia ni al-Hassar, mwanahesabu wa Maghribi wa karne ya 12, na Fibonacci akautumia Ulaya katika kitabu chake cha mwaka 1202. Nilifurahi kujua kuwa al-Hassar naye alishughulika na mirathi. Yeye lakini hakulazimika kuusoma mstari wake kwenye picha iliyopigwa pajani kwa mwalimu.

Nakala za mtihani ule nilizitoa upya kwa gharama yangu. Mwalimu alinisamehe haraka kuliko nilivyojisamehe, na akaendelea kuniletea kazi, ila sasa alikuwa akipiga picha kwa mikono miwili.

Kisa cha pili kilinipata miezi kadhaa baadaye, na hicho kilikuwa na ugumu wa aina nyingine. Binti wa dada yangu alikuwa akisoma Malindi, kidato cha pili. Kitabu kilikuwa cha rafiki yake, kwa hiyo alikuwa akipiga picha anirushie mimi nimtolee nakala. Picha zake zina sahihi: kidole gumba chake kwenye kona. Safari hii gumba lilikuwa limekaa kulia kabisa, limefunika mwisho wa mstari mrefu, na picha imeinama kuelekea chini upande wa kulia. Nilichoweza kuona juu ya mstari ni 48 + 12 × 3. Chini kuna 15 − 8. Na kulia, ikichungulia baada ya gumba, − 4.

Ile − 4 kwa jicho la kwanza ilikuwa chini, sambamba na 15. Lakini picha imeshuka kulia, kwa hiyo kitu cha nje kingeonekana chini vilevile. Nikaenda kwenye njia zangu tatu na ukingo wa karatasi, nikakwama. Gumba lilikuwa limefunika nusu ya alama ya kutoa, na mstari wenyewe ulikuwa umejikunja mahali karatasi ilipobonyezwa. Ukingo ulipita karibu na alama lakini sio katikati. Singeapa.

Nikajaribu majibu. Kama − 4 iko nje: juu 84, chini 7, ni 12, toa 4 ni 8. Kama iko chini: 15 − 8 − 4 ni 3, na 84 kugawa kwa 3 ni 28. Zote mbili namba kamili! Nilicheka peke yangu dukani. Mtunzi yule angekuwa amenitega kwa makusudi asingefaulu hivyo.

Kilichonitoa ni upande wa kushoto, ambao haukufunikwa na chochote. Katika vitabu vya chapa, mstari wa sehemu hurefushwa utoshe safu iliyo pana zaidi, na safu fupi huwekwa katikati ya mstari. Nafasi tupu iliyobaki kushoto kwa safu fupi ni sawa na iliyobaki kulia kwake. Basi mwisho uliofichwa unaweza kuusoma kwa ule unaoonekana.

Nikatazama 15 imeanzia wapi. Haikuanzia chini ya 4 ya 48. Ilikuwa imeingia ndani, imeanzia kama chini ya alama ya kujumlisha. Kwa hiyo kulia nako lazima 15 − 8 ikome mapema, na nafasi tupu ya kadiri ileile ibaki kabla mstari haujaisha. Sasa chukulia − 4 ni ya chini. Safu ya chini ingekuwa 15 − 8 − 4, ambayo kwa upana inakaribiana na 48 + 12 × 3, tena ingeanza karibu mwanzoni mwa mstari. 15 ingekuwa chini ya 48 kabisa, sio chini ya alama ya kujumlisha. Kule kuingia ndani kwa 15 hakungekuwa na sababu. Hivyo − 4 ilikuwa nje:

```
 48 + 12 × 3
─────────────  −  4
   15 − 8
```

Nilirudi kwenye picha ya zamani ya swali la saba kuona kama ujanja huu ungeniokoa siku ile, maana kule nako mwisho wa mstari ulikuwa gizani. Ungeniokoa. Katikati ya safu ya chini ilikuwa kama milimita 15 kutoka mwanzo wa mstari. Kama katikati ni 15, mwisho ni 30, na 30 ni pale pale ½ ya juu inapokwisha. Laiti × 2/5 ingekuwa juu ya mstari, mstari ungerefuka hadi milimita arobaini na kitu na safu ya chini ingesogea kulia, katikati yake ifike ishirini na moja hivi. Tofauti ya milimita sita inaonekana hata bila rula. Ni kweli kuwa picha ya kombo hupanua nusu iliyo karibu na simu na kubana iliyo mbali, kwa hiyo katikati husogea kidogo, lakini haisogei kiasi hicho ndani ya mstari wa sentimita tatu.

Njia hii naiamini kwa kitabu cha chapa tu. Ubao wa mwalimu au daftari la mwanafunzi halina ahadi hiyo. Mkono huanza kuandika chini ya mstari popote, na mstari wenyewe mara nyingi huchorwa kabla ya kujua utakachoweka juu. Kwa picha za daftari zenye mwisho uliofichwa huwa sibahatishi. Naomba picha nyingine, na ninasema ninachokitaka: kitabu kilazwe sakafuni au mezani, simu iwe juu yake sambamba na ukurasa, na mwisho wote wawili wa mstari mrefu uonekane. Nikisema tu "piga vizuri", inarudi ileile ikiwa na mwanga zaidi.

Binti yule nilimpigia usiku ule kuhakikisha, kwa kuwa kitabu kilikuwa bado kwake.

"Khalati, ni arobaini na nane jumlisha kumi na mbili mara tatu kwa kumi na tano toa nane toa nne."

"Hapo hujaniambia kitu, mwanangu. Nisomee mstari kwanza."

"Mstari nausomaje?"

"Unaanzia chini ya nini, na unakomea chini ya nini?"

Kimya kidogo. Nikasikia karatasi.

"Unaanzia chini ya arobaini na nane, unakomea chini ya tatu."

"Chini yake?"

"Kumi na tano toa nane. Imekaa katikati."

"Na ile nne?"

"Iko nje, khalati. Mstari umekwisha kabla yake. Kwani kwenye picha haionekani?"

Nikamwambia inaonekana gumba.